Cheki ya tarehe ya mbele bado ni deni

Nimeshika hesabu za wadeni katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi Nakuru kwa miaka mingi. Wateja wetu wengi ni wenye hadewea ndogo za vituoni na makontrakta. Wanachukua simenti, mabati na nondo leo, na kulipa kwao ni cheki za tarehe za mbele, mbili au tatu kwa mkupuo. Wote tumezoea mtindo huo. Ninachotaka kueleza ni kosa nililofanya mwaka 2023 katika kuziandika cheki hizo vitabuni, kwa sababu naliona likirudiwa katika maduka ninayoyajua.

Februari mwaka huo mteja mmoja, mzee tuliyefanya naye biashara kwa muda mrefu, alichukua mzigo wa shilingi 480,000. Kikomo chake cha mkopo kilikuwa 500,000. Aliniachia cheki tatu za 160,000 kila moja, za tarehe 15 Machi, 15 Aprili na 15 Mei. Nikamkatia risiti tatu, nikaziingiza kwenye leja kama malipo, nikazifungia cheki kwenye sefu. Kompyuta ikasoma kwamba mzee hana deni.

Tarehe 8 Machi alirudi kutaka mzigo wa 350,000. Kijana wa mauzo akafungua akaunti, akaona salio ni sifuri na kikomo ni 500,000, akapakia lori. Sikumlaumu hata kidogo, maana alifuata kile nilichoandika mimi. Tarehe 15 nikapeleka benki cheki ya kwanza. Ijumaa tarehe 17 ikarudi, haina pesa. Hapo ndipo nilipokaa chini na kujumlisha: 480,000 na 350,000 ni 830,000. Tulikuwa tumemkopesha mtu 330,000 zaidi ya kikomo chake, na vitabu vyangu vilikuwa vikisema hatudai kitu.

Cheki ya tarehe ya mbele ni ahadi iliyoandikwa. Ni halali, na sheria haiikatai kwa sababu tu tarehe yake haijafika, lakini bado si pesa. Kwa hiyo siku hizi nikiipokea sigusi salio la mteja. Naiandika kwenye daftari lake la pekee: jina la mteja, benki, namba ya cheki, kiasi, ankara inayolipiwa na tarehe ya kuiva. Mteja nampa karatasi inayosema tumepokea cheki ya tarehe fulani, na deni litafutwa pesa zikiingia. Wachache hunung'unika mara ya kwanza. Nikiwaeleza, wanaelewa.

Mhasibu wako akipenda kuziingiza kwenye leja, afungue akaunti ya peke yake, aiite Cheki Mkononi. Cheki ikipokelewa, kiasi kinahamia huko kutoka kwa mteja. Siku ya kuiva kinahama kwenda benki. Hakuna ubaya, mradi anayeruhusu mzigo mpya ajumlishe salio la mteja na cheki zake zote ambazo hazijaiva kabla ya kulinganisha na kikomo. Kama programu yenu haiwezi kujumlisha hivyo, bakini na daftari.

Daftari langu limepangwa kwa tarehe ya kuiva, si kwa jina la mteja. Nikilipanga kwa majina, cheki ya kesho inaweza kujificha ukurasa wa kumi na mbili. Kila Ijumaa mwenzangu, ambaye haandiki daftari, anatoa cheki zenyewe kwenye sefu na kuzihesabu, jumla yake inalinganishwa na jumla ya daftari. Mara mbili tumekuta cheki iliyopelekwa benki bila kufutwa daftarini. Ni jambo dogo likigunduliwa wiki hiyohiyo.

Ukaguzi wa maana hufanyika mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Angalia kama maneno na tarakimu vinakubaliana, kama jina la duka limeandikwa kama lilivyo benki, kama sahihi ipo, na kama hakuna mahali palipofutwa na kuandikwa upya. Angalia mwaka kwa makini, hasa Januari, mkono wa mtu unapokuwa bado umezoea mwaka uliopita. Hapa Kenya cheki huchakaa miezi sita baada ya tarehe yake, kwa hiyo ya 15 Februari iliyoandikwa mwaka wa jana kwa bahati mbaya tayari imekufa ukiipokea. Tena, cheki inayozidi shilingi milioni moja haipiti kwenye mfumo wa kubadilishana cheki wa mabenki. Deni kubwa kuliko hilo ligawanywe, au mteja atume pesa moja kwa moja kutoka benki yake.

Siku moja kabla ya kuiva nampigia mteja simu: "Shikamoo mzee, kesho napeleka ile cheki ya mia na sitini." Simu hiyo imeniokoa mara nyingi. Akisema pesa hazijaingia, ni afadhali nijue kabla benki haijanikata ada ya cheki iliyorudi. Akiniomba niishikilie kidogo, sikubali kwa mdomo tu. Alete sehemu ya pesa na cheki mpya ya salio, ndipo nimrudishie ile ya zamani. Kupeleka mapema nako ni kosa. Benki itairudisha, na ikiilipa bila kuangalia tarehe, inaweza kumaliza pesa alizomwekea mtu mwingine, nawe umeharibu uhusiano.

Cheki ikirudi, deni lirudi kwa mteja na tarehe ya ankara ya zamani. Programu nyingi huliingiza kama deni jipya la siku hiyo, na deni la siku tisini likaonekana limezaliwa jana. Mwenye duka akisoma ripoti anapumua, kumbe hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Halafu kuna hili la kumtishia mteja kwa polisi. Kifungu cha 316A cha sheria ya jinai ya Kenya kinamwadhibu anayetoa cheki akijua akaunti haina pesa za kutosha, lakini kifungu hichohicho kinasema sehemu hiyo haihusu cheki ya tarehe ya mbele. Ukiikubali tarehe ya mbele, umekubali kwamba leo pesa hazipo. Mbali na udanganyifu au akaunti iliyofungwa, njia yako ni madai ya kawaida, na cheki iliyorudi ni ushahidi mzuri wa deni. Itunze pamoja na karatasi ya benki inayoeleza sababu.

Yule mzee alikuja mwenyewe ofisini. Shule aliyoijengea ilikuwa haijamlipa. Alitoa 80,000 kwa M-Pesa palepale na kuandika cheki nyingine ya 80,000 ya 1 Juni, nami nikamwambia ni Madaraka, itaingia benki tarehe 2. Tukasimamisha mizigo mipya. Ya 15 Aprili iliangukia Jumamosi, nikaipeleka Jumatatu tarehe 17, ikapita. Ya Mei ikapita, ya Juni pia. Ule mzigo wa 350,000 aliulipa kidogo kidogo hadi Septemba, na siku aliyomaliza ndiyo siku niliyomfungulia tena lori.