Sauti ya menyu na sauti ya kueleza filamu kwenye Google TV

"Baba ana presha ya macho, maandishi ya kwenye tivii hawezi kuyasoma tena. Nimeingia Accessibility nikawasha Audio description, lakini menyu haisemi na filamu hazielezwi. Tivii ni ya Google TV, tuna Netflix na king'amuzi. Nifanyeje?"

Dada yangu, mpe mzee pole. Hizo ni sauti mbili tofauti, na kila moja inawashwa kwake.

Sauti ya kusoma menyu inatengenezwa na tivii yenyewe. Kwenye Google TV inaitwa TalkBack: popote rimoti inaposimama, inataja jina la kitu hicho. Sauti ya kueleza filamu imerekodiwa studio na kuwekwa sambamba na filamu. Msimulizi anaingia pale waigizaji wanaponyamaza, anasema nani ameingia, ameshika nini, uso wake ukoje. Tivii haiwezi kuitunga sauti hiyo. Swichi uliyoiwasha ni ombi tu: chaneli au programu ikija na sauti ya maelezo, ichaguliwe. Kama haikuja nayo, hakuna cha kuchagua. Na programu kama Netflix ina mahali pake pa kuichagulia, ndiyo maana hujasikia tofauti yoyote.

Anza na menyu, kwa sababu bila hiyo mzee hatafika kwenye filamu peke yake. Nenda Settings > System > Accessibility > TalkBack, washa, kubali onyo linalotokea. Kwenye tivii za Android za zamani kidogo njia hupitia Device Preferences badala ya System. Mama yangu ana ugonjwa huohuo, na nilikuwa nimeshajaribu kumkuzia maandishi kabla ya hapo. Hayakumfaa. Presha ya macho mara nyingi hula pembeni kwanza, mtu anabaki akiona katikati tu, kwa hiyo herufi zikiwa kubwa ndivyo neno linavyozidi kutoka nje ya kile kipande anachokiona. Kwake sauti ilikuwa bora kuliko ukubwa wowote.

Ukiwasha TalkBack ukaona fremu ya rangi inazunguka kila unachochagua lakini husikii kitu, usidhani imegoma. Fremu ni ushahidi kwamba inafanya kazi, kinachokosekana ni mdomo wake. Rudi Accessibility, ingia Text to speech, hakikisha iliyochaguliwa ni Speech Services by Google, halafu bonyeza Listen to an example. Ikisema hapo, itasema kila mahali. Hapohapo utakuta Speech rate. Ipunguze. Kasi inayokuja na tivii ni ya mtu aliyezoea, mzee anayeanza ataona anapigiwa kelele na atakwambia uizime siku hiyohiyo. Mama alianza na kasi ya chini kabisa, baadaye akaomba mwenyewe iongezwe.

Washa pia Accessibility shortcut na uichagulie TalkBack. Baada ya hapo, kubana kwa pamoja kitufe cha kurudi nyuma na mshale wa chini kwa sekunde chache kunaiwasha au kuizima. Hili ni muhimu nyumbani kwenye watu wengi, maana wajukuu wakichoka kusikia sauti wataizima kwenye mipangilio, na mzee hataweza kwenda kuirudisha. Kwa njia ya vitufe viwili anairudisha mwenyewe. Bandika kipande kidogo cha plasta kwenye kitufe cha kurudi nyuma ili kidole kikitambue.

Sasa Netflix. Mfungulie mzee profaili yake. Netflix hukumbuka lugha ya sauti kwa kila profaili, kwa hiyo akichagua maelezo yatabaki kwake, na nyinyi wengine hamtasikia msimulizi kwenye filamu zenu. Cheza filamu, bonyeza mshale ili vidhibiti vitokee, nenda Audio & Subtitles, na kwenye orodha ya sauti tafuta English - Audio Description. Ichague, rudi nyuma. Namna ya kujua kama imeshika ni kurudisha filamu mwanzo kabisa. Msimulizi huanza kuongea kwenye zile picha za ufunguzi, kabla mwigizaji hajatamka neno. Ukisikia muziki tu hadi mazungumzo yanaanza, haijashika au filamu hiyo haina. Si zote zinazo. Zile ambazo Netflix imezitengeneza yenyewe nyingi zinazo, kazi ilianza 2015. Zile zilizonunuliwa kwa wengine ni za kubahatisha, kwa hiyo mwanzoni mwekee mzee zile za kwao wenyewe.

Lugha ni kikwazo cha kweli. Filamu ya Kiingereza huelezwa kwa Kiingereza. Mama alikuwa mwalimu, hilo halikumsumbua. Kama baba hakifahamu Kiingereza vizuri, sauti ya maelezo itamchosha bure, afadhali umwache na TalkBack peke yake na mtu wa kukaa naye wakati wa filamu. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanawalazimisha wazazi wasikilize msimulizi wasiyemwelewa, mwisho mzazi anaacha kabisa kukaa sebuleni.

Kuna tatizo linalowashangaza wengi wenye spika ya nje. Menyu inasema vizuri, lakini filamu ikianza tu TalkBack inakaa kimya. Chanzo ni kwamba tivii inaipeleka sauti ya filamu kwenye spika ikiwa bado imefungwa kama ilivyotoka kwenye programu, na haiwezi kuchanganya sauti nyingine ndani yake. Ingia kwenye mipangilio ya Sound, tafuta Digital output (jina hutofautiana kidogo kwa kampuni), toa Pass through au Auto, weka PCM. Hapo tivii inaifungua sauti kwanza, inachanganya zote mbili, ndipo inazipeleka. Utapoteza ile sauti ya kuzunguka chumba kama spika yako inaiweza. Kwa nyumba yenye mtu asiyeona, mimi sioni hasara hapo.

King'amuzi ndicho kitakachokusumbua zaidi. TalkBack husoma kile tivii inachokichora yenyewe. Menyu ya king'amuzi inaingia kupitia waya wa HDMI ikiwa picha tu, kama mkanda wa video, na tivii haioni maneno ndani yake. Hakuna swichi ya kwenye tivii itakayobadilisha hilo. Kinachosema ni king'amuzi chenyewe kama kilitengenezwa na msomaji wake, kwa hiyo pekua mipangilio yake utafute Accessibility, na kama haipo usipoteze jioni nzima kuitafuta kwenye tivii.

Njia tuliyoitumia sisi ni namba. Mama anazijua kwa kichwa namba za chaneli anazozipenda, na rimoti ya king'amuzi ina kinundu kwenye 5, kidole kinaanzia hapo na kuhesabu. Kama ya kwenu haina, weka tone la rangi ya kucha, likauke, liwe kinundu. Kuhama kutoka king'amuzi kwenda Netflix anabonyeza kitufe cha Home cha rimoti ya tivii, na papo hapo TalkBack inaanza kusema, akajua yuko wapi. Kurudi kwenye king'amuzi, mpangie mzee njia moja tu. Ingia Inputs, badilisha jina la HDMI inayotumika liwe neno atakalolitambua akilisikia, kwa sababu "HDMI 2" ikisomwa haimwambii kitu.