Kuuza hisa zenye hasara ili kupunguza kodi, kununua tena ndani ya IRA

Swali: "Niko Marekani, nikiuza hisa zilizoshuka kwenye akaunti ya kawaida naweza kununua hizo hizo kwenye IRA, akaunti yangu ya kustaafu, siku hiyo hiyo?"

Hapana, usijaribu. Ukinunua hisa zile zile ndani ya siku 30, hasara huruhusiwi kuitumia kupunguza kodi. Kuna jamaa kasema hasara haipotei, inaongezwa kwenye bei ya hisa mpya, ni kweli lakini nusu, hiyo ni ukinunua tena kwenye akaunti ya kawaida. Ndani ya IRA hasara imekufa moja kwa moja, IRS, watu wa kodi wa Marekani, walishaandika hivyo 2008.

Na hizo siku 30 ni kabla na baada ya kuuza, manunuzi ya mkeo pia yanahesabiwa. Mi nilinaswa na gawio linalojinunulia hisa lenyewe: niliuza hisa 200 za dola 50 kwa dola 32, hasara 3,600, wiki mbili baadae gawio likaninunulia hisa 4, basi dola 72 za hasara zikazuiwa, yaani 18 kwa kila hisa, kwenye fomu ya broka unaona herufi W. Si nyingi ila zima hiyo setingi kwanza.

Ukitaka kubaki sokoni nunua ETF, yaani mfuko wa hisa unaouzwa sokoni, inayofuata faharasa nyingine. ETF mbili za S&P 500 za kampuni tofauti? Hapo wahasibu wenyewe wanabishana kama zinahesabiwa kitu kile kile, mi sithubutu.

—Na sisi wa Nairobi wenye hisa za NSE, soko la hisa la Nairobi, zimelala?

Hizo faida yake haitozwi kodi ya mtaji ndugu, so hasara yako utaipunguzia nini 😅