Kostiki ya 50% na ya 20% kupata 30%: weka jagi pembeni, lete mizani

"Wakuu nina dumu la kostiki ya maji 50% na nyingine ya 20% iliyobaki, nataka kupata ya 30% nipikie sabuni ya mche, mafuta ya mawese kilo 20. Nichanganye lita ngapi kwa ngapi?"

Mkuu simama hapo hapo, usiguse jagi. Umeuliza lita, na hiyo lita ndo iliyonila mimi.

Hesabu yenyewe haina shida. Toa 20 kwenye 30 unapata 10, hiyo ni sehemu ya ile kali. Toa 30 kwenye 50 unapata 20, hiyo ni sehemu ya ile hafifu. Kwa hiyo moja kwa mbili. Kwa mawese kilo 20 chukua kilo 3 za ile ya 50% na kilo 6 za ile ya 20%, ndani yake kuna kostiki kavu kilo 1.5 na kilo 1.2, jumla 2.7 kwenye mchanganyiko wa kilo 9, ambayo ni 30% kamili. Mawese kilo 20 yanakula kama kilo 2.8 ya kostiki, kwa hiyo kwa 2.7 yanabaki mafuta kidogo ambayo hayajaliwa, na hicho ndo kinachofanya sabuni isiwashe.

Umeona nimeandika KILO kila mahali? Mwalimu wa semina ya ujasiriamali niliyolipia hela yangu alituandikia ubaoni "jagi moja kwa majagi mawili" halafu akaendelea na habari za vifungashio. Asilimia zinazoandikwa kwenye dumu la kostiki ni za uzito, yaani kwenye kila kilo ya ile ya 50% nusu kilo ni kostiki. Na kostiki ya maji ni nzito kuliko maji: lita moja ya 50% ina kama kilo 1.52, lita ya 20% ina kama kilo 1.22. Sasa mimi nikapima lita 3 na lita 6 kama nilivyofundishwa. Zile lita 3 zikawa na kostiki kavu kama kilo 2.3, zile lita 6 zikawa na kama 1.45, jumla 3.75 badala ya 2.7!! Na ukipiga asilimia ya mchanganyiko unapata kama 31.5, ukiangalia haraka unaona mbona niko sawa tu, kumbe ndoo nzima imezidi kostiki karibu kilo moja na yote imeingia kwenye mafuta yale yale.

Sabuni ilitoka ngumu, inapasuka kisu kikipita, juu imefanya unga mweupe na ukiivunja ndani unakuta vidoti vinavyong'aa. Nikadhani ni ukavu tu nikauza. Wateja wakarudi na mikono imechubuka, mama mmoja alinionyesha vidole vyake nikakosa pa kuangalia. Nilirudisha hela za watu na mzigo wote nikaurudisha nyumbani. Na anayetaka kucheka acheke, ila kwanza afue jinzi moja na ile miche ndo tuongee. Yule mwalimu bado anafundisha, na ndo kinachoniuma zaidi.

Kama huna mizani kabisa, kilo 3 za ile kali ni karibu lita 2 na kilo 6 za ile hafifu ni karibu lita 5. Unaona? Kwa jagi ni mbili kwa tano, sio moja kwa mbili. Lakini mizani ya dukani unaweza kuazima, azima. Weka ndoo tupu juu yake, soma, mimina hiyo hafifu kwanza halafu ile kali taratibu huku unakoroga, itapata joto. Ndoo iwe plastiki ngumu, sufuria ya aluminiamu usiilete hapo kostiki inaitafuna na kutoa gesi inayowaka. Glavu na miwani, ikikurukia osha na maji mengi hapo hapo.

Halafu hiyo 20% yako uliitengenezaje? Kama ulitia gramu 200 kwenye lita ya maji hiyo sio 20, ni kama 16.7, maana uzito wote ni gramu 1,200. Ya 20% ni kilo moja ya kostiki kwa lita nne za maji. Na kama uko sehemu ya baridi kama Njombe au Makete angalia chini ya dumu la 50%, likipoa sana linafanya chenga chini na ya juu inakuwa hafifu, kwa hiyo lipashe na ulitikise yayeyuke kabla hujapima.

Ukiwa ulishakosea usitupe. Ile yangu iliyozidi kilo moja kasoro ilihitaji kama kilo 7 za mawese, nikaikwangua, nikaiyeyusha upya kwa moto mdogo na maji kidogo nikayaongeza mafuta humo. Kabla ya kuuza tafuta finoftalini, dawa ya maji ya kupimia kama kostiki imebaki, tone moja kwenye sabuni mbichi iliyokatwa, ikigeuka pinki kali bado ina kostiki, isitoke nyumbani kwako.