Waraka mmoja wa safari ya Unguja: maswali yenu

"Tunakwenda Unguja watu 12. Nimejaza simu za wote kwenye Google Sheets, lakini sifuri ya mwanzo inapotea. Nifanyeje?"

Jedwali linadhani umeandika hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Chagua safu nzima ya simu, bonyeza `Format > Number > Plain text`, kisha ziandike upya, maana sifuri iliyokwisha kupotea hairudi yenyewe. Kukagua ni rahisi: zilizobaki hesabu huegemea kulia, zilizokuwa maandishi huegemea kushoto. Safu ya namba za uthibitisho ifanyie vivyo hivyo. Simu zianze na +255 badala ya sifuri, ili ndugu anayetoka nje ya nchi azipige kama zilivyo.

"Tiketi ya boti inasema 07:00. Niandike hivyo hivyo?"

Andika zote mbili: "Ijumaa, 07:00 (saa 1 asubuhi)". Hili nalisisitiza kwa uchungu. Safari yetu moja tuliandika "7:00" tu, na wenzetu wawili wakaisoma saa saba mchana. Boti inang'oa nanga, wao wako nyumbani wanapiga pasi nguo. Ikabidi wakate tiketi nyingine.

Kwenye mstari huohuo weka namba ya uthibitisho, simu ya ofisi ya boti, nani amelipa, na jina la kila abiria kama lilivyo kwenye kitambulisho. Sisi tunamwita Mama Zuhura, lakini bandarini watatafuta jina la kwenye kitambulisho chake.

"Nyumba iko Mji Mkongwe. Mwenyeji katuma alama ya ramani tu. Inatosha?"

Haitoshi. Mitaa mingi kule ni vichochoro visivyopitika kwa gari, na katikati ya kuta ndefu alama ya simu huyumba, ikakuweka uchochoro wa pili. Muulize mwenyeji mambo matatu: gari litaishia wapi, kutoka hapo mnapita karibu na nini, na simu ya mtu mwenye ufunguo, ambaye mara nyingi si yule uliyemlipa. Majibu yake yaandike kwa maneno, chini ya kiungo cha ramani.

"Kila mtu aruhusiwe kubadilisha?"

Hapana. Wawili wawe `Editor`, wengine `Viewer`. Mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya, fungua `File > Version history > See version history` urudishe nakala ya jana. Picha za pasipoti usiziweke humo: ukichagua `Anyone with the link`, yeyote atakayefikiwa na kiungo hicho ataziona.

"Na mtandao ukikata baharini?"

Usiku wa kuamkia safari kila mmoja awashe `Make available offline` kwenye simu yake, aweke simu katika hali ya ndege, kisha ajaribu kuufungua waraka. Usipofunguka, bado ana muda wa kurekebisha. Nakala moja ya karatasi abebe mtu mzima asiyependa simu.