Muhtasari wa proposo ya sumukuvu

"Majaji wasio wa fani hawajaelewa lengo, naurekebishaje?"

Muhtasari wako umeanza na jina la fangasi na mashine ya maabara, jaji mchumi hapo keshapotea. Anza na mahindi: "Mahindi yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka huota ukungu wenye sumu inayoharibu ini, na kupika hakuimalizi. Tutapima kama kuanika kwenye turubai kunapunguza sumu hiyo, ili mkulima ajue kama turubai inalipa." Jamaa mwingine aliyekujibu anasema ufute istilahi zote, yuko sawa nusu, ila sumukuvu, yaani hiyo sumu ya ukungu, itaje mara moja maana na mtaalamu anasoma. Halafu mpe mtu wa uhasibu asome akueleze mnafanya nini, akijibu "mnazuia ukungu" bado haijakaa, nyie mnapima tu.