Maswali na majibu: Kabla hujamhoji mfanyakazi kuhusu risiti za safari

Dereva wetu ameleta risiti ya lita 95 za dizeli, na tangi la gari ni lita 80. Nimwite leo nimwoneshe risiti aseme ukweli?

Usianze na risiti. Ukiitanguliza, atakujibu kuhusu karatasi, na maelezo yake yote ataya­panga kuizunguka. Mwache kwanza asimulie safari: aliondoka saa ngapi, alijaza mafuta wapi, alikuwa na nani garini, alilipaje, risiti alipewa na nani. Muulize kama alibeba madumu. Lita 15 za ziada zinaweza kuwa ziliingia kwenye dumu la akiba au zilienda kwenye jenereta ya ofisi ya kanda, na kama alitumwa hivyo, hapo hakuna kosa. Akimaliza ndipo utoe kitabu cha safari za gari, kisha risiti. Hati moja, swali moja, halafu nyamaza umsikilize.

Kabla hujamwita, hakiki risiti ya EFD kwenye mfumo wa TRA kwa namba ya uhakiki iliyochapwa chini yake. Kiasi kikitofautiana na cha kwenye karatasi, una ushahidi usiotegemea mdomo wa mtu. Isipoonekana, usikimbilie kusema ni feki. Huenda mashine haikuwa na mtandao. Rudia baadaye, na uwaulize kituoni kwa maandishi.

Nimeandika alama za kalamu kwenye risiti zenyewe, sasa nataka kuzilaminisha zisiharibike. Ni sawa?

Usizilaminishe hata kidogo. Risiti hizi huchapwa kwa joto, kwa hiyo joto la mashine ya kulaminisha litaifanya karatasi nzima kuwa nyeusi. Hata zikiachwa tu juani, maandishi hufifia. Toa nakala leo, mbele na nyuma, kisha risiti halisi uziweke kwenye bahasha ya karatasi. Juu ya bahasha andika nani alikukabidhi, tarehe na saa. Kila anayeipokea baadaye naye asaini. Alama zako usizifute. Andika maelezo mafupi kwamba ni zako na uliziweka lini, la sivyo itakuja kudaiwa kwamba risiti ilichezewa mikononi mwako.

Anataka kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nimkatalie?

Mruhusu. Kanuni ya 13 ya Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, inakutaka uchunguze kwanza ujue kama kuna sababu ya kuitisha kikao cha nidhamu. Haki ya kusindikizwa na muda wa maandalizi usiopungua saa 48 vimewekwa kwa ajili ya kikao hicho, lakini mwakilishi aliyesikia mahojiano ni vigumu kudai baadaye kwamba mtu wake alitishwa. Wewe uliyemhoji usije ukawa mwenyekiti wa kikao.

Mwishoni msomee ulichoandika, arekebishe kwa mkono wake, asaini kila ukurasa. Akikataa kusaini, andika kwamba amekataa na sababu aliyotoa, kisha shahidi wako asaini.