Beseni la maji kwa mtoto wa mwaka na nusu

"Joto limezidi na mwanangu ana mwaka na nusu. Nikimwekea beseni la maji achezee, kina gani ni salama?"

Mzazi mwenzangu, hakuna kina kilicho salama bila mtu mzima kando yake. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kikilinganishwa na mwili, hivyo akianguka kifudifudi anaweza kushindwa kujiinua, na sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha. Tena huzama kimya, bila kelele wala kurusharusha maji. Usitegemee kumsikia ukiwa jikoni.

Chukua beseni pana na fupi. Ndoo iache kabisa, kwani akitumbukia kichwa haipinduki. Liweke kivulini, mahali pasipoteleza, utie maji ya kina cha vidole viwili. Kama unatumia mpira wa bustani uliokaa juani, acha maji ya mwanzo yamwagike kwanza. Huwa ya moto kiasi cha kuunguza.

Mtoto akae nje ya beseni, mpe kikombe, chujio na sponji. Kuchota na kumimina kunawashika sana watoto wa umri huu. Akichoka, mpe brashi apake ukuta maji: jua litaukausha, naye ataanza upya.

Wewe kaa karibu kiasi cha kumgusa ukinyoosha mkono. Simu ikiita au mlango ukigongwa, mbebe uende naye, usimwachie kaka au dada yake. Mkimaliza, mwaga maji yote papo hapo na ulipindue beseni.